Kutoka "nlikwenda" hadi "alikwenda": kugeuza maneno ya msemaji kuwa habari kwa kwamba

Meza yangu iko Chake Chake. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupokea habari za waandishi chipukizi, kuzisahihisha, na kuzirudisha zikiwa na wino mwekundu. Kosa ninalolikuta mara nyingi si la herufi. Ni pale maneno ya mtu yanapogeuzwa kutoka usemi halisi kwenda usemi wa taarifa, kisha msomaji akabaki hajui nani kasema nini, kamwambia nani, na jambo lenyewe litakuwa lini.

Nitafuata hotuba moja fupi tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeitunga mwenyewe, lakini ni ya aina unayoweza kuisikia katika vijiji vya pwani vya Micheweni vinavyofunga miamba ili pweza wakue. Siku ni Jumanne, mahali ni pwani. Anayesema ni mwenyekiti wa kamati ya wavuvi ya shehia. Wanaomsikiliza ni wavuvi wa hapo, wapiga mbizi, wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu, na wavuvi kadhaa wa kijiji jirani. Habari itasomwa Jumatano asubuhi. Anasema hivi:

"Jamani, nnakwambieni ukweli. Mwamba wetu tumeufunga miezi mitatu sasa. Jana nlikwenda mwenyewe kuutizama, pweza wamo, tena wakubwa. Tutaufungua kesho kutwa asubuhi, maji yakishatoka. Nyinyi wapiga mbizi msije usiku. Atakayekamatwa hatutamtetea. Na nyinyi majirani, vyombo vyenu visitie nanga kwenye mwamba wetu."

Kwanza yarudishe maneno katika umbo kamili

Watu husema Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo sisi wa visiwani tumeshafika. Kuandika tumefika labda, kusema bado. Huku ni- hukatika ikabaki n-: nnataka, nlikwenda, ntakuja, nshakula. Nafsi ya tatu nayo hupata ka-: "kaja" kwa maana ya amekuja, "kasema" kwa maana ya amesema. Ukijaribu kubadili nafsi juu ya maumbo haya yaliyokatika utapotea. Andika kwanza umbo kamili pembeni mwa daftari: nnakwambieni ni ninakuambieni, nlikwenda ni nilikwenda, na "nshawambia" ingekuwa nimeshawaambia.

Katika "ninakuambieni" tazama -ku- na -eni. Viwili hivyo kwa pamoja vinakuambia kwamba wanaoambiwa ni wengi na wako mbele ya msemaji. Lau angesema "nimeshawaambia", -wa- ingeweza kuwa nyinyi, ingeweza pia kuwa wao ambao hawapo. Kinasa sauti hakitakusaidia hapo. Muulize kabla hujaondoka pwani.

Kuna neno jingine la kwetu la kuangalia, nalo ni "kama". Mtu wa Unguja au Pemba atasema "kaniambia kama atakuja", akimaanisha ameambiwa kwamba atakuja. Kwenye mazungumzo hakuna tabu. Ukiandika vivyo hivyo kwenye habari, nusu ya wasomaji watadhani mtu aliulizwa iwapo atakuja. Katika habari, jambo lililosemwa liunge kwa kwamba, na iwapo, endapo au kama yaache kwa maswali na masharti.

Kwamba, kuwa, na alama za kunukuu

Kwamba imetokana na kitenzi cha zamani -amba, yaani kusema, ambacho bado unakikuta kwenye tenzi za kale. Ndiyo maana inakaa vizuri baada ya alisema, alieleza, aliahidi, alionya, alikanusha. Kuwa hufanya kazi hiyo hiyo, nami sina ugomvi nayo, isipokuwa pale inapogongana na kitenzi kuwa. "Alisema kuwa kuwa mwenyekiti si kazi rahisi" inamkwaza msomaji wa redio kwenye pumzi ya kwanza. Andika "alisema kwamba kuwa mwenyekiti si kazi rahisi", mambo yaende.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kuchanganya semi mbili: mwenyekiti alisema kwamba "tutaufungua kesho kutwa". Kwamba inamwambia msomaji kuwa sauti ni ya mwandishi, alama za kunukuu zinamwambia kuwa ni ya msemaji. Chagua moja. Ukitaka maneno yenyewe, weka koloni au mkato kisha funga kwa alama, na usiguse hata silabi. Ukitaka taarifa, toa alama na ugeuze kila kinachostahili kugeuzwa.

Kitenzi cha kusema nacho kina uzito wake. Alisema hakiegemei upande. Alidai kinapanda shaka, kwa hiyo usikitumie ati kwa sababu alisema umeshaitumia mara tatu. Alibainisha na alifafanua vinamaanisha jambo lilikuwa limefichika au halijaeleweka. Kama halikuwa hivyo, rudi kwa alisema. Haichoshi kama waandishi wanavyodhani.

Nafsi: watatu wanapoingia chumba kimoja

Kanuni ya darasani ni nyepesi. Nafsi ya kwanza na ya pili zote huhamia ya tatu. Ni- huwa a-, tu- huwa wa-, u- huwa a-, m- huwa wa-. Kwenye ukanushi, si- huwa ha- na hatu- huwa hawa-: "sitakuja" ni hatakuja, "hatutamtetea" ni hawatamtetea. Mtendwa naye hufuata: -ni- na -ku- huwa -m-, -tu- huwa -wa-. Vimilikishi -angu na -ako huwa -ake, -etu na -enu huwa -ao. Kilichokuwa tayari nafsi ya tatu hakiguswi, ndiyo maana "atakayekamatwa" inabaki ilivyo. Vilevile -ji- ya kujitenda haibadiliki, na mwenyewe pia.

Ugumu unaanza baada ya kanuni kutimizwa. Katika usemi halisi kulikuwa na pande tatu zilizotengana wazi: sisi, nyinyi na wao. Katika taarifa zote zimekuwa wao. Chukua sentensi ya mwisho ya mwenyekiti, igeuze kwa kanuni tupu, utapata hii: alisema kwamba vyombo vyao visitie nanga kwenye mwamba wao. Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna maana. Vyombo vya nani, mwamba wa nani? Msomaji wa Wete ambaye hakuwepo atadhani watu wamekatazwa kutia nanga kwenye mwamba wao wenyewe.

Dawa ni jina. Kila pale viwakilishi viwili vya pande tofauti vinapoangukia umbo moja, kimoja kivunje ukiweke jina: aliwataka wavuvi wa kijiji jirani wasitie nanga vyombo vyao kwenye mwamba wa shehia hiyo. Sasa "vyao" ina mwenyewe mmoja tu. Ndivyo ilivyo kwa mtu mmoja pia. "Nimemwambia alete leseni yake" ikigeuzwa "alisema amemwambia alete leseni yake", mwenye leseni anaweza kuwa yeyote kati ya watatu.

Sasa tazama tu- ya "tumeufunga" na tu- ya "hatutamtetea". Je, ni sisi ile ile? Waliofunga mwamba huenda ni kijiji kizima, pamoja na hao wanaosikiliza. Watakaokataa kumtetea aliyekamatwa yumkini ni kamati peke yake, kwa sababu anayeonywa ni miongoni mwa wasikilizaji. Kiswahili hakina tu- mbili, moja ya kumjumuisha msikilizaji na nyingine ya kumtoa, kwa hiyo mwandishi ndiye anayepaswa kuzitenganisha. Katika mfano wetu chukua kwamba mwandishi aliuliza, akajibiwa kuwa ya pili ni kamati. Basi ataandika "kamati haitamtetea", na kiambishi cha nafsi kitafuata ngeli ya kamati, si watu.

Nyakati: kanuni ya mtihani na kanuni ya habari

Hapa ndipo wanafunzi wa sekondari wanaoingia kwenye habari hunibishia, na wana haki ya kubisha. Shuleni wamefundishwa kwamba kitenzi cha kusema kikiwa cha wakati uliopita, vilivyo ndani navyo hurudi nyuma hatua moja: -na- huwa alikuwa ana-, -me- huwa alikuwa ame-, -ta- huwa -nge-. Kwenye mtihani fuata hivyo upate alama zako. Kwenye habari, kanuni hiyo ikitumiwa kila mahali hubadilisha ukweli.

Tuanze na -ta-. Mwenyekiti kasema "tutaufungua". Kwa kanuni ya mtihani: alisema kwamba wangeufungua mwamba Alhamisi. Msomee mvuvi yeyote sentensi hiyo, swali lake la kwanza litakuwa: "Kwani wamezuiwa na nini?" Maana -nge- katika masikio ya Mswahili ni ya jambo lenye sharti, au ambalo halikuwa. "Ungekuja ungemkuta" maana yake hukuja. Kwa habari inayosomwa Jumatano, wakati kufungua bado kuko mbele, -ta- ibaki: alisema kwamba wataufungua. Kiswahili hakioni taabu kuweka alisema na wataufungua katika sentensi moja, kwa sababu wakati wa kitenzi cha ndani hupimwa kutoka pale msemaji aliposimama. "Alisema anaumwa" ni Kiswahili safi, na kila mtu anaelewa kuwa maumivu yalikuwepo alipokuwa akisema.

Je, habari ikicheleweshwa hadi Jumamosi? Sasa Alhamisi imeshapita na -ta- inachekesha. Hata hapo siendi kwa -nge-. Naandika "alisema kwamba walikuwa waufungue mwamba Alhamisi", yaani huo ndio uliokuwa mpango, kisha naeleza kilichotokea. Kama mwandishi hajui kilichotokea, namrudisha pwani.

Kwa -na- na hali ya sasa, mtego ni "alikuwa". "Pweza wamo" ikigeuzwa "alisema pweza walikuwamo", msomaji anasikia kwamba sasa hawamo. Watu wameshaahirisha safari kwa taarifa za namna hiyo. Jambo likiwa bado ni kweli wakati habari inasomwa, liache kwenye wakati wake: alisema kwamba pweza wamo. Likiwa limekwisha, au huna hakika kama bado lipo, ndipo utumie walikuwamo. Hu- ya mazoea haina haja ya kuguswa.

-me- ifuate kipimo hicho hicho. Jumatano mwamba bado umefungwa, kwa hiyo "wameufunga" ni sahihi. Jumamosi umeshafunguliwa, kwa hiyo "walikuwa wameufunga". Na -li- mara nyingi hubadili nafsi tu: nilikwenda, alikwenda. Umbo refu, alikuwa amekwenda, liweke pale tu mfuatano wa matukio unapoweza kuchanganya, kwa mfano kama kulikuwa na ukaguzi wa pili.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kugusa kitenzi ni moja: jambo hili, saa msomaji atakaposoma, litakuwa bado liko vile? Jibu ndilo linalochagua wakati, wala si alisema iliyoko mbele.

Kuhusu kitenzi cha kusema chenyewe, desturi ya vyumba vya habari ni "amesema" kwenye aya ya kwanza, kwa kuwa inaifanya habari iwe mbichi, kisha alisema na alieleza kuanzia aya ya pili, ambapo unasimulia mkutano ulivyokwenda. Ukianza na "amesema" na siku ndani ya sentensi moja, kwa mfano "amesema jana", sikio linakwaruzika. Siku iache ije na "akizungumza jana".

Siku, usiku na mahali

Niliwahi, nikiwa bado mgeni kwenye kazi, kuandika "kesho" kwenye taarifa ya mkutano wa hadhara kwa sababu msemaji alisema "kesho". Taarifa ilisomwa siku iliyofuata. Watu walifika siku moja baadaye wakakuta viti vinakusanywa. Tangu hapo kila jana, leo, kesho na kesho kutwa naigeuza kwanza kuwa jina la siku kwenye daftari, kabla sijaondoka mahali pa tukio. Katika hotuba yetu ya Jumanne, "jana" ni Jumatatu na "kesho kutwa" ni Alhamisi. Ndipo kwenye taarifa ya Jumatano unaweza kuandika "kesho Alhamisi", jina likiwa mlinzi wa kesho endapo habari itasogezwa.

Usiku una shida yake. Kwa hesabu yetu siku huanza jua linapokuchwa. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku unaoanza Alhamisi jua likizama. Kijana aliyezoea kalenda ya simu anakusudia usiku unaofuata baada ya sala ya Ijumaa. Tofauti ni saa 24 kamili. Mwenyekiti alisema "msije usiku" tu, mwandishi akauliza ni usiku upi, akaambiwa ule wa kabla ya kufungua. Namna isiyokosewa ya kuandika ni "usiku wa kuamkia Alhamisi".

Mahali na vionyeshi ni vyepesi. Hapa huwa hapo au jina la mahali, hii huwa hiyo, huyu huwa huyo. Msomaji hayupo pwani, kwa hiyo huwezi kumwonyesha "mwamba huu".

Amri na maswali

Amri haipendi kwamba. "Msije usiku" usiigeuze "alisema kwamba wasije", ingawa haitavunja kitu. Kiswahili kina vitenzi vyake vya kazi hiyo: aliwataka, aliwaamuru, aliwasihi, aliwakataza. Baada yake kitenzi huja na -e mwishoni: aliwataka wasije. Na ukitumia aliwakataza, tahadhari na ukanushi maradufu. "Aliwakataza wasije" watu wengi husema, lakini kwenye habari "aliwakataza kuja" hakiachi mwanya.

Mwishoni mwa mkutano mwanamke mmoja aliuliza: "Na sisi tunaochokoa kwa miguu tutaingia saa ngapi?" Swali lenye neno la kuuliza hubaki na neno lake, bila kwamba na bila alama ya kuuliza: aliuliza wanaochokoa kwa miguu wataingia saa ngapi. Mwingine akauliza: "Jee, na wageni wataruhusiwa?" Hili ni la ndiyo au siyo, kwa hiyo Jee inaondoka na iwapo inaingia: aliuliza iwapo wageni wataruhusiwa. Mwenyekiti alimjibu wa kwanza "saa 3, pamoja na wote", na wa pili "hapana, awamu hii wenyeji tu".

Habari yenyewe

Hii ndiyo taarifa ya Jumatano asubuhi, baada ya yote hayo:

Mwenyekiti wa kamati ya wavuvi ya shehia amesema kwamba mwamba wa shehia hiyo, ambao umefungwa kwa miezi mitatu, utafunguliwa kesho Alhamisi asubuhi maji yakishatoka.

Akizungumza na wavuvi jana pwani, mwenyekiti huyo alieleza kwamba Jumatatu alikwenda mwenyewe kuutizama mwamba huo, na kwamba pweza wamo, tena wakubwa.

Aliwataka wapiga mbizi wasiingie mwambani usiku wa kuamkia Alhamisi, akaonya kwamba kamati haitamtetea atakayekamatwa. Wavuvi wa kijiji jirani aliwataka wasitie nanga vyombo vyao kwenye mwamba huo.

Mwanamke mmoja aliuliza wanaochokoa pweza kwa miguu wataingia saa ngapi, na mwenyekiti alimjibu kwamba wataingia saa 3 asubuhi pamoja na wengine wote. Alipoulizwa iwapo wageni wataruhusiwa, alisema kwamba awamu hii ni ya wenyeji tu.

Tazama "na kwamba" katika aya ya pili. Lau ingetolewa, sentensi ikakatwa ikawa "Pweza wamo, tena wakubwa", maneno hayo yangekuwa ya mwandishi, kana kwamba yeye ndiye aliyezama akawahesabu. Kila dai jipya linahitaji kamba inayolifunga kwa aliyelisema: kwamba nyingine, au aliongeza, au kwa mujibu wake. Si lazima kila sentensi, ila kila pale msomaji anapoweza kudhani mwandishi ameshika usukani.

Tazama pia nilichokitupa. "Jamani, nnakwambieni ukweli" haikuingia. Ukiigeuza inakuwa "alisema kwamba anawaambia ukweli", ambayo kwenye karatasi inanuka kama kuna mtu amemshuku. Maneno ya kuvuta masikio hayageuki vizuri. Ama yanukuu yalivyo, ama yaache pwani.

Kabla ya kuituma, ifanyie jaribio la kurudi. Mpe mwenzako ambaye hakuwepo mkutanoni, umwambie aigeuze tena iwe maneno ya mwenyekiti kinywani mwake: nani ni mimi, nani ni nyinyi, kesho ni lini. Akirudi na "vyombo vyetu" badala ya "vyombo vyenu", kosa liko kwenye sentensi hiyo hiyo, na karibu kila mara linatibika kwa kutoa kiwakilishi kimoja na kuweka jina.